Barua Tatu za Mshahara Mmoja

Kiwanda kile cha kukamua alizeti hapa Singida mjini nimekiacha mara nne, na mara zote nne nilikuwa na haki. Shida ya haki ni kwamba haina mwisho wa mwezi. Mara tatu za kwanza hasira haikufika hata jioni, nilitoka getini, nikanywa chai kwa mama ntilie, nikarudi kwenye mashine yangu kabla haijapoa. Mara ya nne ndiyo ilifika siku tisa, na hiyo ndiyo iliyokuja kukaa mezani kwa watu wa benki.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilihitaji mkopo. Sio wa gari wala wa harusi. Mama yangu yuko Ikungi, na ile nyumba yake mpya nilikuwa nimeshaisimamisha kuta zote, vyumba vitatu, tofali za kuchoma zilizojengewa udongo kwa sababu saruji ilinishinda. Ukuta wa udongo ambao haujaezekwa, mvua za Desemba zikiukuta, hauulizi umejengwa kwa jasho la nani. Unakaa chini. Mama alikuwa ananipigia kila Jumapili akitoka kanisani, ananiambia mawingu yamekaaje. Hasemi kitu kuhusu bati. Anataja mawingu tu.

Basi nikaenda benki, ile ambayo mshahara wetu unapitia. Afisa mikopo alikuwa dada mmoja wa umri wangu, kucha ndefu, mpole kama mtu ambaye ameshakataa watu wengi. Akaniambia, "Kaka, wewe mshahara wako unapita hapa, taarifa ya akaunti naichapa mwenyewe. Niletee kitambulisho cha taifa, salari slipu tatu za mwisho, nakala ya mkataba, na barua ya mwajiri ya kuthibitisha ajira na mshahara."

"Barua tu?"

"Barua tu," akasema, akatabasamu. Sasa hivi ndiyo naelewa alikuwa anatabasamu nini.

Tajiri wetu, kwa maana sisi mwenye kiwanda tunamwita hivyo hata mbele yake, ni mzee aliyeanza na mashine moja ya mkono na akafika alipofika bila kumwandikia mtu barua. Nilimkuta amekaa juu ya magunia ya mbegu, anapanguza miwani na shati.

"Shikamoo Tajiri."

"Marahaba. Unaacha kazi?"

"Hapana. Naomba barua ya benki. Nataka kukopa."

Akavaa miwani akaniangalia vizuri. "Nikisaini, wewe ukikimbia nalipa mimi?"

Nikamweleza kwamba sio udhamini. Anathibitisha tu kwamba mimi ni mfanyakazi wake na ananilipa kiasi gani. Akafikiri, halafu akasema hilo ni jepesi, na kwamba barua ya kijana wake ataitunga mwenyewe, sio kazi ya ofisi. Akaniagiza karatasi na akaiandika palepale, juu ya goti, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani. Nilivyoipokea nilitaka kulia, kwa kweli. Iliandikwa hivi: kwamba kijana huyu ana hasira lakini haibi, kwamba mashine alijifunza mwenyewe bila kwenda chuo, akazifungua na kuzifunga mpaka zikamzoea, kwamba analipwa mshahara unaomtosha, pamoja na dumu la mafuta la lita tano na debe mbili za mashudu kila mwisho wa mwezi, kwamba yeyote atakayemsaidia Mungu atambariki.

Mwaka wa nne nafanya kazi pale, sikujua kama mzee ananiona hivyo. Nikaipeleka benki nikiwa nimeinyoosha kifuani kama cheti.

Dada wa mikopo aliisoma mpaka mwisho. Akaisoma tena. "Hii nzuri," akasema. "Hii ningekuwa mimi ningeiwekea fremu."

"Kwa hiyo imepita?"

"Haijapita. Mshahara unaomtosha ni shilingi ngapi? Mafuta hayapiti kwenye akaunti, kaka, na mashudu mimi siwezi kuyakata kila mwezi." Akachukua karatasi, akanichorea mistari. Barua iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni. Iandikwe kwa meneja wa tawi, sio kwa yeyote. Iseme cheo changu, tarehe niliyoanza kazi, aina ya mkataba, mshahara kabla ya makato, makato gani, na kinachobaki. Iseme kama nina mkopo mwingine kazini. Halafu mwajiri aahidi kwamba mshahara utaendelea kupita benki hiyohiyo mpaka deni liishe, na kwamba nikiacha kazi ataijulisha benki mara moja. Jina la anayesaini, cheo, sahihi, muhuri, namba ya simu ya ofisi, kwa sababu watapiga.

"Na uwe umekaa kazini angalau mwaka mmoja," akaongeza.

"Hilo ndiyo usiogope," nikamwambia. "Mimi ni mwaka wa nne."

Karatasi yenye kichwa cha kampuni inakaa kwenye droo ya dada mhasibu. Huyu dada ndiye ofisi yetu nzima. Analipa mishahara, anapeleka michango yetu mfuko wa hifadhi ya jamii, anashika mafaili, anajibu simu. Tangu afisa wa kazi alipotutembelea na kumwambia Tajiri kwamba kila mfanyakazi lazima awe na faili lililokamilika, dada hana mchezo. Ukichelewa, anaandika. Ukiumwa, anaandika. Nadhani hata ukipiga chafya anatafuta pa kuandika.

Na huyohuyo dada ndiye aliyekuwa sababu ya mimi kuacha kazi mara ya nne. Ilikuwa Juni, msimu wa alizeti umechanganya, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Hesabu ya magunia ya lori moja ikagoma. Tajiri akamsema dada mbele ya madereva na wabebaji, maneno ambayo mtu mzima hawezi kumwambia mtu mzima, wakati aliyekosea ni dereva na kila mtu alijua. Mimi mtu wangu akionewa siwezi kutafuta maneno mazuri. Nikazima mashine. Nikapanda juu ya gunia ili wote wasikie, nikasema kama dada anatukanwa hivi basi kazi yenyewe basi, tunaondoka. Nilisema tunaondoka. Nikashuka nikatembea mpaka getini nikiwa nimeinua kichwa, nikageuka kumpa dada mkono tutoke wote.

Dada alikuwa bado amekaa mezani kwake, pale ofisini karibu na geti. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nina watoto watatu." Halafu akavuta faili langu, akafungua kalamu.

Siku tisa baadaye nilirudi. Tajiri alisema tu kwamba anayeacha kazi na kurudi, anaanza upya, na dada akaniletea karatasi nikasaini nimesimama, mkono mmoja kwenye karatasi na mwingine kwenye mashine. Sikuisoma. Mimi, ambaye wabebaji wote wakipata karatasi ya aina yoyote, ya hospitali, ya mahakama, ya kata, wananiletea niwasomee, yangu sikuisoma. Nilikuwa naona aibu, na mtu mwenye aibu hasomi.

Kwa hiyo barua ya pili dada aliiandika ilivyotakiwa, kila kitu mahali pake, meneja wa tawi juu, muhuri chini. Tajiri akasaini. Na katikati ilisema kwamba mimi ni fundi mitambo, nimeajiriwa tangu tarehe moja Julai mwaka uleule, na niko kwenye kipindi cha majaribio cha miezi sita.

Dada wa mikopo aliweka kidole palepale. "Mwaka wa nne?"

Nikasoma. Nikasema hii imekosewa. Akafungua nakala ya mkataba niliyoileta mimi mwenyewe, ile nakala nyingine ya karatasi niliyosaini nimesimama, akanionyesha sahihi yangu. Julai. Majaribio. Akaniambia kwa upole wake uleule kwamba mtu wa majaribio hawamkopeshi, nisubiri mkataba uthibitishwe, halafu nimalize mwaka.

"Dada, mvua zinasubiri mwaka?"

"Mimi sipangi mvua, kaka."

Nilitembea kwa miguu kutoka benki mpaka kiwandani, na kile kiupepo chetu cha Singida kinanirushia vumbi mdomoni, na bado niliongea njia nzima. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeamua naacha kazi. Nilifika getini ndipo nikagundua kwamba mtu anayeomba barua ya kuthibitisha kwamba ameajiriwa hawezi kuiomba kwa kuacha kazi. Nikasimama pale na maneno yangu yote, sina pa kuyapeleka. Mlinzi akaniuliza naingia au natoka.

Nikaingia ofisini. "Dada, umenimaliza. Mimi nilitoka kwa ajili yako, wewe ukaniandika."

Hakuinua kichwa. "Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, ila usipige kelele, nina simu ya mteja." Akamaliza simu yake taratibu kabisa, akaweka kalamu. "Kwanza, mimi sikukutuma utoke. Pili, nilivyoandika ndivyo ilivyokuwa. Ulitaka niandike uwongo, benki wapige simu hapa, waniulize mimi, nao mkataba wako wanao? Mimi ndiye ningeenda kujibu."

"Kwa hiyo nyumba ya mama ianguke."

"Sijasema ianguke. Nimesema kaa."

Nikakaa.

Akafungua faili langu, nene kuliko nilivyotegemea. Nusu ya lile faili ni mimi nimekasirika. Akapindua karatasi moja moja. "Nionyeshe barua yako ya kuacha kazi."

"Sikuandika. Nilisema."

"Ulisema ukiwa juu ya gunia. Gunia halina faili. Nionyeshe barua ya Tajiri ya kukuachisha."

"Hakuandika."

"Malipo ya mwisho ulilipwa? Likizo zako, cheti cha utumishi?"

"Hamna."

Akavuta karatasi nyingine, ile ya michango ya hifadhi ya jamii. Mwezi wa tano nimechangiwa, wa sita, wa saba, mpaka sasa, hakuna mwezi uliorukwa. Juni mshahara wangu uliingia benki kama kawaida, ila umekatwa siku tisa. "Kwa karatasi," akasema, "wewe hujawahi kuacha kazi. Ulikosa kazini siku tisa bila ruhusa. Karatasi pekee inayosema ulianza Julai ni ile uliyosaini bila kusoma, na hiyo Tajiri alisema niandike akiwa na hasira. Mmekutana wawili."

Niliuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema siku ile hakuna aliyekuwa anaambilika, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa analia chooni. Hiyo nilikuwa sijui.

Tukaenda wote kwa Tajiri. Dada akaeleza, mimi niliambiwa nifunge mdomo na nilijitahidi. Tajiri akasikiliza, anachagua mawe kwenye kiganja cha mbegu.

"Kwa hiyo mimi nibadilishe?"

"Ni kusahihisha, Tajiri," dada akasema. "Unamthibitisha kazini, na utumishi wake unahesabiwa tangu mwaka alioanza. Afisa wa kazi naye akija akaikuta ile ya Julai na michango haijakatika, atatuuliza sisi."

Hapo kwenye afisa wa kazi Tajiri aliacha kuchagua mawe. Akanigeukia. "Nitasaini. Ila na wewe uandike. Andika kwamba hukuacha kazi."

"Tajiri, kila mtu alinisikia nimeacha."

"Ndiyo. Sasa andika kwamba hukuacha."

Naomba nieleweke. Mimi ningeweza kuandika kwamba nimekosa nidhamu, ningeandika hata kwamba Tajiri ni mzuri wa sura. Lakini ile kuacha kazi ndiyo kitu pekee cha heshima nilichofanya mwaka ule wote. Wabebaji walikuwa bado wanaisimulia. Kuna mmoja alikuwa anaigiza nilivyopanda gunia. Na sasa niandike, kwa mkono wangu, kwamba haikutokea.

Nikatoka nje nikampigia mama. Sikumwambia kitu, nilimsalimia tu na kumuuliza za nyumbani. Akasema salama, ng'ombe wa jirani wamepita kwenye mtama, na upande wa Manyoni wingu limekaa tangu asubuhi.

Nikarudi nikaomba karatasi. Dada alikaa karibu yangu, ananiambia maneno ya ofisi, mimi nayaandika. Kwamba kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani Juni sikuwepo kazini kwa sababu binafsi. Hapo kwenye sababu binafsi nikamwangalia, akaangalia dirishani. Kwamba naomba siku hizo tisa zihesabiwe kuwa likizo bila malipo. Kwamba sijawahi kusitisha ajira yangu. Wako mtiifu. Neno mtiifu niliandika dogo.

Tajiri akaisoma yote, akaandika pembeni "nimekubali", akasaini, akaweka tarehe. Halafu akasaini barua ya kunithibitisha kazini, na barua ya benki, ya tatu, yenye mwaka wangu wa kweli. Dada akapiga mihuri mitatu. Wakati anaweka nakala kwenye faili Tajiri akasema, kama anajisemea, "Kumbe hukuacha." Alifurahi sana yule mzee.

Keshokutwa yake benki wakapiga simu kuhakiki. Mimi nilikuwa ofisini kuchukua grisi, naapa ni grisi. Dada akaweka simu sauti ya juu kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri. Afisa mikopo akauliza cheo, akauliza mshahara, dada akajibu kila kitu kama kilivyoandikwa. Akaomba kuongea na aliyesaini, na Tajiri alikuwa palepale mlangoni.

"Mzee, huyu bado ni mfanyakazi wako?"

Tajiri akaniangalia, na mkebe wangu wa grisi. "Leo yupo," akasema.

"Samahani mzee, leo, au yupo?"

"Mama, huyu kijana ukiniuliza leo, nakwambia yupo. Kesho ni ya Mungu."

Dada mhasibu alishika kichwa. Mimi nikafungua mdomo, na nafikiri ni mara ya kwanza maishani mwangu kuufunga bila kutoa kitu. Dada akaivuta simu kwake. "Yupo," akasema. "Mkataba wa kudumu, amethibitishwa, barua unayo. Mzee ni mcha Mungu tu." Afisa akacheka, akashukuru.

Mkopo ukatoka baada ya siku nne, ila sio wote niliouomba. Kompyuta yao ilipiga hesabu kwa kile kinachopita kwenye akaunti tu, na kwa sharti kwamba makato yasile zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Mafuta na mashudu vikabaki kuwa baraka. Hela ikatosha mbao, misumari na bati za vyumba viwili. Wakati nasaini mkataba wa miezi thelathini na sita, dada wa mikopo akanisomea kila kifungu, na safari hii nilisoma naye, neno kwa neno, nimekaa. Kuna kifungu kinasema nikiacha kazi deni lote linadaiwa palepale, na mafao yangu yanaanzia kwao. Akaniuliza kama nina swali.

"Mtu akikasirika tu bila kuacha?"

"Hiyo haipo kwenye mkataba," akasema. "Kasirika unavyotaka."

Tuliezeka wiki ya mwisho ya Novemba. Chumba cha tatu nilikifunika juu ya kuta kwa turubai la kiwandani, ambalo nililiomba kwa maandishi, na jibu liko kwenye faili. Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, turubai likaning'inia, kona moja ya ukuta wa chumba hicho ikamomonyoka kiasi cha goti. Viwili vilisimama. Mama akahamisha kitanda usiku uleule, hakusubiri sakafu.

Asubuhi nikiwa naondoka akanishikisha jogoo, amefungwa miguu na kamba ya katani. Nikamuuliza wa nani.

"Wa tajiri wako. Amekujengea."

"Mama, hajanijengea. Ameandika tu kwamba mimi nafanya kazi kwake. Ni kweli, nafanya kazi kwake. Mkopo nalipa mimi, miezi thelathini na sita, nakatwa juu kwa juu."

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Mama hunisikiliza vizuri sana. "Angekataa je?" akaniuliza, akanirekebishia kamba mkononi.

Nilipanda basi la Singida na jogoo mapajani. Njia nzima nilikuwa napanga nimpe mlinzi, au nimpe dada mhasibu mwenye haki yake, kwa sababu yule ndiye aliyeshika faili. Nikashuka nimeamua ni wa dada. Nikaingia getini, kumbe Tajiri amesimama palepale mbele, anaangalia lori likipimwa.

"Shikamoo Tajiri. Mama amekutumia."

Akampokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akampima uzito. "Mwambie nimepokea. Mwambie asante sana." Halafu akanipa mgongo, akamwita dada mhasibu atoke nje, akamkabidhi yule jogoo mbele ya dereva na wabebaji wote.

"Huyu ni wako," akamwambia. "Mimi nilisaini tu."

Dada akamchukua, akaingia naye ofisini. Nilikwenda kuwasha mashine. Ilikuwa imebaki miezi thelathini na sita.